Paka Anavyojigeuza Hewani, na Hesabu ya Roho Tisa

Mwaka 1894, mjini Paris, mtaalamu wa miili ya viumbe Étienne-Jules Marey alitega kamera yake iliyopiga picha nyingi ndani ya sekunde moja. Paka alishikwa miguu yote minne, tumbo likitazama juu, kisha akaachiwa. Alipofika chini alikuwa amesimama kwa miguu yake.

Kwa mtu wa kawaida hilo halikuwa jipya. Waliotatizika ni wataalamu wenyewe. Kanuni za mwendo zinasema kitu kinachoanguka bila kuzunguka hakiwezi kuanza kuzunguka chenyewe hewani, maana hakina pa kujisukumia. Wengine walidhani paka huiba msukumo kwa kuipiga teke mikono iliyomshika. Picha za Marey zilikataa: mwanzoni mwa anguko mwili wa paka haukuwa unazunguka hata kidogo.

Siri imo kiunoni. Paka hujikunja katikati, hata nusu ya mbele na nusu ya nyuma ya mwili wake zikawa kama vitu viwili vinavyoweza kugeuka kila kimoja kivyake. Kwanza huikunja miguu ya mbele karibu na kifua na kuinyoosha ile ya nyuma. Atakayeketi kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka ataliona jambo hili: akikumbatia mikono yake huzunguka upesi, akiinyoosha hupungua kasi. Basi sehemu ya mbele ya paka, iliyojikunja, hugeuka sana, huku ya nyuma ikirudi upande wa pili kidogo tu. Kisha hubadilisha: hunyoosha miguu ya mbele, hukunja ya nyuma, na kiuno hufuata. Mizunguko hiyo miwili ya kupingana hufutana, kwa hiyo hakuna kanuni inayovunjwa. Mwaka 1969 Kane na Scher waliandika hesabu kamili ya mchezo huo.

Haya yote humalizika kabla mtu hajapepesa jicho mara mbili. Anayetoa taarifa ya wapi juu na wapi chini ni kiungo cha mizani kilichomo ndani ya sikio. Kichwa hugeuka kwanza, mwili hufuata. Uti wa mgongo wa paka hupindika kwa urahisi, na mitulinga yake ni vijifupa vidogo vilivyoelea ndani ya misuli, hivyo mabega hayana kizuizi. Mkia husaidia, lakini si lazima: paka wasio na mkia nao hujigeuza. Kitoto huanza kujaribu kikiwa na wiki tatu au nne, na hukamilisha ujuzi huo akikaribia wiki saba.

Ila kutua kwa miguu si sawa na kutua salama.

Mwaka 1987 madaktari wawili wa wanyama wa New York, Whitney na Mehlhaff, walichapisha taarifa za paka 132 walioanguka kutoka kwenye maghorofa na kufikishwa hospitalini. Asilimia 90 ya waliotibiwa walipona. Mmoja alikuwa ameanguka ghorofa 32 na kubaki hai, akiwa na jino lililovunjika na jeraha la kifua. La ajabu zaidi, majeraha yaliongezeka hadi kufikia ghorofa ya saba hivi, kisha yakaonekana kupungua. Madaktari hao walikisia kwamba paka, kasi yake ikishafikia kikomo cha karibu kilomita 97 kwa saa, hulegeza mwili na kutandaza miguu pembeni, kishindo kikasambaa.

Habari hiyo ilisambaa ulimwenguni kana kwamba kuanguka kutoka juu zaidi ni heri. Hapo pana kasoro kubwa. Paka aliyekufa palepale barabarani hapelekwi kwa daktari, kwa hiyo hakuhesabiwa. Madaktari wa Zagreb waliochunguza paka 119, wakachapisha matokeo mwaka 2004, waliona walioanguka kutoka ghorofa ya saba na zaidi waliumia vibaya zaidi, hasa kifuani.

Roho tisa, basi, ni hesabu ya wasimuliaji. Waingereza husema tisa, Waarabu na Wahispania husema saba. Paka ana roho moja, na miguu inayopokea kishindo cha kwanza. Kishindo kinachobaki huishia kwenye kidevu na kifua: taya huvunjika, kaakaa hupasuka, hewa huvuja kutoka mapafuni na kuyabana.

Aliyeanguka anaweza kutembea na kunywa maziwa huku akivuja kwa ndani. Akihema haraka, akipumua kwa mdomo wazi au ufizi wake ukipauka, mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja. Na kama unaishi ghorofani, funga wavu wa waya madirishani kabla hujamleta nyumbani.