Tishio tarajiwa

Tishio tarajiwa (kifupi: xT) ni kipimo cha takwimu katika mpira wa miguu kinachothamini pasi na ukokotaji wa mpira. Thamani hiyo hutegemea kiasi ambacho tendo limeongeza uwezekano wa timu kufunga goli muda mfupi baadaye. Kipimo hiki hakiulizi kama pasi ilizaa goli. Huuliza mpira ulitoka wapi, ukafika wapi, na je, timu iko karibu na goli zaidi kuliko ilivyokuwa kabla ya tendo hilo.

Haja yake inaonekana katika shambulio la kawaida. Kiungo anapenyeza pasi kati ya mabeki wawili na kumfikia winga. Winga anarudisha mpira mbele ya lango, na mshambuliaji anafunga. Katika takwimu za kawaida mfungaji anahesabiwa goli na winga pasi ya goli. Kiungo aliyeivunja ngome hapati kitu. Kipimo cha magoli tarajiwa (xG) nacho hakimsaidii, kwa kuwa hupima ubora wa shuti peke yake. Mashambulizi mengi hayafiki hata kwenye shuti, na kazi yote iliyofanyika ndani yake hupotea katika hesabu.

Asili

Wazo la kuugawa uwanja katika hali mbalimbali na kuipa kila hali uwezekano wake wa goli lilitumiwa na mchambuzi Sarah Rudd mwaka 2011, kwa njia ya kihisabati iitwayo minyororo ya Markov. Jina la tishio tarajiwa na umbo lake linalojulikana leo vilienezwa na Karun Singh mwishoni mwa miaka ya 2010. Yeye aliugawa uwanja katika vipande 16 kwa urefu na 12 kwa upana, yaani vipande 192. Katika uwanja wa mita 105 kwa 68, kipande kimoja kina takriban mita 6.6 kwa 5.7.

Ukokotoaji

Data inayohitajika ni orodha ya matendo ya mechi nyingi, kila tendo likiwa na mahali lilipoanzia, mahali lilipoishia na kama lilifanikiwa. Mchezaji mwenye mpira katika kipande fulani ana njia mbili: kupiga shuti, au kuuhamisha mpira kwa pasi au kwa kuukokota. Thamani ya kipande `a` basi ni:

```
xT(a) = s(a)·g(a) + Σ p(a,b)·xT(b)
```

Hapa `s` ni sehemu ya mara ambazo wachezaji hupiga shuti wakiwa katika kipande hicho, `g` ni sehemu ya mashuti hayo yanayoingia, na `p` ni sehemu ya mara zote ambazo mpira hutoka `a` na kufika `b` salama. Mpira unaopotea hauongezi kitu.

Msomaji makini ataona tatizo: ili kujua thamani ya kipande kimoja, lazima kwanza zijulikane thamani za vingine vyote, nazo zinategemea kile cha kwanza. Dawa yake ni kuanza kwa kuvipa vipande vyote sifuri, kisha kurudia hesabu mpaka namba zitulie. Kila mzunguko una maana yake uwanjani. Wa kwanza unahesabu goli la shuti la papo hapo, wa pili unahesabu goli ndani ya matendo mawili, na kuendelea hivyo. Singh alionyesha kuwa mizunguko minne au mitano inatosha kupata picha nzuri.

Mfano

Tuchukue uwanja wenye maeneo matatu tu: kati (K), mbele (M) na mbele ya lango (L). Namba zifuatazo ni za kufundishia, hazikutoka katika ligi yoyote.

Katika L, kati ya mara 100 ambazo mchezaji ana mpira, 40 hupiga shuti na 6 huingia. Mara 20 mpira hubaki L, 20 hurudi M, na 20 hupotea. Katika M, mara 10 hupigwa shuti na moja katika kila mashuti 20 huingia; mara 15 mpira hufika L, 30 hubaki M, 25 hurudi K, na 20 hupotea. Katika K hakuna shuti. Mara 50 mpira hubaki hapo, 25 huenda M, na 25 hupotea.

Mzunguko wa kwanza unatoa L = 0.06, M = 0.005 na K = 0. Katika wa pili, L hupanda:

```
0.06 + 0.20·0.06 + 0.20·0.005 = 0.073
```

Vivyo hivyo M inakuwa 0.0155, na K inapata 0.00125, thamani yake ya kwanza. Eneo la kati lilisubiri mzunguko mmoja kwa sababu halina shuti lake lenyewe. Thamani yake yote ni ya kuazima kutoka mbele. Hesabu ikirudiwa mpaka itulie, L inasimama kwenye takriban 0.083, M kwenye 0.030 na K kwenye 0.015.

Sasa pasi zinaweza kupewa bei. Pasi ya K kwenda M ina thamani ya 0.030 − 0.015 = 0.015. Pasi ya M kwenda L ina thamani ya takriban 0.05, zaidi ya mara tatu ya ile ya kwanza, hata kama imesafiri mita chache zaidi. Kurudisha mpira kutoka M hadi K ni −0.015. Jumla ya thamani za mchezaji hugawanywa kwa dakika alizocheza, na kwa kawaida hutajwa kwa kila dakika 90.

Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kusahau kuwa timu hubadilishana magoli baada ya mapumziko. Data yote lazima igeuzwe ili kila timu ishambulie upande mmoja. Dalili ya kosa hili haijifichi: ramani huonyesha thamani kubwa kwenye ncha zote mbili za uwanja. Kosa la pili ni data kidogo. Kipande kilichopigwa mashuti matatu, moja likaingia, kitang'aa kuliko majirani zake bila sababu ya kimpira.

Mipaka

Upungufu mkubwa ni kwamba kipimo hakiwaoni wapinzani. Pasi inayomfikia mchezaji aliyezungukwa na mabeki watatu ina bei sawa na ile ya mashambulizi ya kushtukiza, ngome ikiwa wazi, mradi vipande ni vilevile. Krosi ya juu inayotua kichwani huhesabiwa sawa na pasi ya chini mguuni.

Pia, katika matumizi ya kawaida ni matendo yaliyofanikiwa tu yanayohesabiwa. Mchezaji anayejaribu pasi ngumu kumi na kupoteza nane huonekana hodari, kwa kuwa zile nane hazimpunguzii kitu. Kwa hiyo busara ni kusoma xT yake pamoja na idadi ya mipira aliyopoteza. Kwa upande mwingine, beki anayerudisha mpira nyuma kwa makusudi ili kuwavuta wapinzani huandikiwa hasara, ingawa pasi inayofuata inaweza kuwa matunda ya uamuzi wake.

Baadhi ya mapungufu haya yalishughulikiwa na kipimo cha VAEP, kilichotolewa mwaka 2019 na watafiti wa Chuo Kikuu cha KU Leuven nchini Ubelgiji. Hicho huangalia pia matendo machache yaliyotangulia na uwezekano wa kufungwa, lakini ukokotoaji wake hauwezi kufuatwa kwa kalamu na karatasi.