Vurra: wazee husalimiwa kwanza, hoja hungoja

Kusini mwa mji wa Arua barabara hufika Vurra, kwenye mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walugbara wako pande zote mbili za mpaka huo, kwa sababu mistari ya wakoloni ilipita katikati ya jamaa zao. Eneo la Lado, lililokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, lilirudishwa Sudan mwaka 1910, na sehemu yake ya kusini ikaingizwa Uganda mwaka 1914. Upande wa pili wa mstari ulibaki Kongo. Kwa hiyo mkutano wa kijiji katika eneo hili unaweza kuwa na wazee wa Kilugbara, akina mama wa sokoni, wachuuzi kutoka upande wa Aru, Wanubi wanaotoka Arua au Koboko, na vijana wa bodaboda waliosimama pembeni na pikipiki zao. Kiswahili ndiyo lugha inayoweza kuwafikia wengi wao kwa pamoja. Ndiyo pia lugha inayoweza kuwaudhi upesi.

Maudhi hayo yana historia. Nchini Uganda Kiswahili kilienea sana jeshini na polisi. Mwaka 1973 Idi Amin, ambaye familia yake ni ya Koboko, alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Serikali yake ilipoanguka mwaka 1979, watu wengi wa Nile Magharibi walikimbilia Zaire na Sudan, na waliokaa Zaire kwa miaka kadhaa walirudi na Kiswahili cha huko. Katika umati mmoja, basi, mzee anaweza kukumbuka Kiswahili cha amri za askari, na jirani yake akakumbuka Kiswahili cha soko na ukimbizi. Msemaji hawezi kujua ni nani anakumbuka nini, kwa hiyo humpasa kuchagua maneno yasiyofanana na amri.

Tofauti huanzia kwenye kitenzi. “Kaa chini!” na “Nyamaza!” ni maneno ya kambini. Hata “Kaeni” na “Nyamazeni”, ingawa yana kiambishi cha wengi, bado ni amri. Maneno yanayopokewa vizuri ni kama “Tunaomba mkae” na “Wazee wetu, naomba mnisikilize kidogo”. Neno “naomba” humweka msemaji chini ya anaowaambia, na mbele ya wazee hapo ndipo mahali pake.

Salamu nayo ina mtego. Msemaji aliyejifunza Kiswahili Dar es Salaam au Unguja huanza na “Shikamooni wazee”, akingoja “Marahaba”. Hapa anaweza kupata kimya, si kwa sababu wazee hawamheshimu, bali kwa sababu salamu hiyo haitumiki sana Uganda wala Kongo. Ni salama zaidi kusema “Jambo wazee, habari zenu?”, kisha kuongeza ya wenyeji: “Emi ngoni?”, yaani mko vipi. Akimsalimia mtu mmoja husema “Mi ngoni?” Kuwaambia wazee kumi “Mi ngoni?” ni kosa dogo la lugha, lakini husikika kana kwamba ameona mtu mmoja tu. Shukrani ni “Awa'difo”. Ikiwa Waislamu na Wakristo wapo pamoja, atoe salamu za dini zote mbili au asitoe hata moja. Akitoa moja tu, nusu ya umati hujiona wageni.

Kisha kuna utaratibu wa nani atajwe. Mgeni hajitambulishi mwenyewe. Humfikia kwanza mwenyekiti wa kijiji, yaani LC 1, kabla ya siku ya mkutano, na mwenyekiti ndiye humwombea nafasi. Kosa kubwa ni kumchukua mzee mmoja kuwa msemaji wa Walugbara wote. Zamani Walugbara hawakuwa na mfalme. Mamlaka yalikuwa ya wazee wa kila ukoo, mzee akiitwa 'ba wara, mtu mkubwa. Leo ipo taasisi ya Lugbara Kari yenye kiongozi aitwaye Agofe, lakini penye wazee wa koo mbili, kuutaja ukoo mmoja ni kuudharau wa pili. Kwa hiyo msemaji huuliza mapema ni koo zipi zitakuja, au husema kwa jumla: “Wazee wetu wa koo zote mliopo hapa.”

Tuseme mkutano ni wa pampu ya maji iliyoharibika. Kaya ni 60, vipuri na fundi ni shilingi 180,000, yaani shilingi 3,000 kwa kila kaya. Watu wanazungumza, pikipiki inanguruma. Msemaji asipandishe sauti. Asimame palepale, mwenyekiti aseme “Hodi wenyewe”, na watu wakijibu “Karibu” angoje mpaka minong'ono iishe. Salamu zikishapita, aeleze shida kwa sentensi fupi, moja moja, akimwachia mkalimani nafasi. Sentensi ndefu hufupishwa na mkalimani, na kinachopotea mara nyingi ni sharti: “tukikubaliana, kila kaya itatoa” hufika kwa wasikilizaji kama “kila kaya itatoa”. Hapo ombi limegeuka kodi. Dawa ni kumpa mkalimani kiasi cha fedha na sharti lake kabla ya mkutano kuanza, na kumwomba ayarudie kwa Kilugbara mbele ya mwenyekiti.

Sehemu ngumu ni kukubaliana. Wasemaji wengi humaliza kwa kupaza sauti, “Sawa sawa?” Umati hujibu “Sawa!”, na mkutano hufungwa. Jibu hilo ni adabu tu. Siku ya kukusanya fedha huja kaya kumi. Asiyeridhika hakupata mlango wa kusema, kwa sababu kukataa mbele ya wazee na mgeni ni aibu.

Mlango huo hufunguliwa kwa swali jingine: “Nani anaona ugumu katika hili, na ugumu wake ni upi?” Kisha msemaji anyamaze kwa muda mrefu kuliko anavyopenda. Awaulize akina mama kwanza, maana wao ndio wachota maji, kisha vijana, kisha wachuuzi wa upande wa pili wanaotumia pampu hiyo lakini si wakazi wa kijiji. Wazee wasalimiwe kwanza lakini waombwe kusema mwisho. Mzee akitoa kauli mapema, vijana hufunga midomo. Akisema mwisho, hukusanya yote yaliyosemwa, na kauli yake huwa ya mkutano.

Tuseme mama mmoja anasema mjane hana shilingi 3,000. Mzee anapendekeza kaya tano zisizo na uwezo zisilipe, na wachuuzi wanaochota hapo walichangie pengo hilo la shilingi 15,000. Msemaji asilipokee kwa makofi tu. Arudie pendekezo jipya lote, kiasi na siku, lirudiwe kwa Kilugbara, wachuuzi waulizwe wenyewe kama wamekubali, kisha mikono inyooshwe na kuhesabiwa, wanaokataa wakiulizwa kabla ya wanaokubali. Mwenyekiti aandike idadi na aisome kwa sauti.

Baada ya hapo mgeni husema “Awa'difo” na kukaa. Wazee huondoka kwanza.