Barua ya Mkadiriaji Anayerudi kutoka Dubai

Mtaalamu aliyefanya kazi Dubai kwa miaka minane akiamua kurudi Dar es Salaam, mara nyingi barua yake ya kwanza haiendi kwa mwajiri bali kwa wakala wa ajira. Wakala huyo hampi mtu kazi. Ametumwa na kampuni kumtafutia watu, na kampuni hiyo ndiyo itakayomlipa (akikudai wewe ada ya kukutafutia kazi, achana naye). Anaisoma barua akiwa na maswali matatu kichwani: alichokifanya huyu kule kina maana gani hapa, anataka kulipwa kiasi gani, na je, akishaajiriwa atakaa au atapanda ndege tena baada ya miezi sita?

Barua nyingi za wanaorudi hazijibu hata swali moja kati ya hayo. Zinataja kampuni kubwa na majengo marefu, halafu kwenye mshahara zinaandika kwamba kiasi kitajadiliwa. Wakala anaiweka kando, si kwa kiburi, bali kwa sababu hana cha kumpelekea mteja wake.

Tumchukue mkadiriaji majenzi, yule mtaalamu anayepima kazi za ujenzi na kuzigeuza kuwa fedha. Tanzania fani hii inafundishwa Chuo Kikuu Ardhi, na wahitimu wake wamesambaa hadi nchi za Ghuba. Ni mfano mzuri kwa sababu kazi hiyo ina jina lilelile Dubai na Dar, lakini inavyofanyika kila siku ni tofauti sana.

Kwenye mradi mkubwa wa Dubai wakadiriaji wanaweza kuwa wengi, kila mmoja na kipande chake. Mmoja anashughulikia vioo vya nje tu, mwingine mabomba na viyoyozi, mwingine madai ya kucheleweshewa kazi. Katika ofisi ya kawaida ya Dar, mkadiriaji huyohuyo ndiye anayeandaa makadirio ya awali, ndiye anayetengeneza mchanganuo wa vipimo na gharama, ndiye anayekwenda saiti kupima kazi iliyofanyika mwezi huu, na ndiye anayefunga hesabu ya mwisho. Kwa hiyo anayeandika kwamba alishiriki katika mradi wa hoteli ya dirham milioni 400 hajasema kitu bado. Wakala mwenye uzoefu atajiuliza mara moja: katika hizo milioni 400, zako zilikuwa ngapi?

Jibu la swali hilo ndilo linaloibeba barua. Hivi ndivyo sehemu yake ya kati inavyoweza kuandikwa:

“Mimi ni mkadiriaji majenzi, mhitimu wa Chuo Kikuu Ardhi. Kwa miaka minane nimefanya kazi Dubai upande wa mkandarasi. Mradi wangu wa mwisho ni hoteli ya dirham milioni 400. Sehemu niliyoisimamia mwenyewe ni kazi za umaliziaji zenye thamani ya dirham milioni 60, yaani takriban dola milioni 16. Kila mwezi nilipima kazi, nikaandaa maombi ya malipo, nikakadiria gharama za mabadiliko, na mwishoni nikakubaliana hesabu na wakandarasi wadogo 9. Mkataba ulikuwa wa FIDIC. Kabla ya kuondoka Tanzania niliandaa zabuni za majengo ya serikali, lakini mfumo wa NeST ulipoanza sikuwepo na bado sijautumia kwenye zabuni halisi. Usajili wangu wa AQRB ulilala nilipokuwa nje, nimeanza kuuhuisha.”

Tazama alivyofanya. Thamani ya mradi ameitenganisha na sehemu yake. Ametaja FIDIC, na hilo si pambo: mikataba ya aina hiyo inatumika Dubai na inatumika pia hapa kwenye miradi mikubwa, hasa inayofadhiliwa na mashirika ya kimataifa, kwa hiyo anayejua kudai malipo ya mabadiliko chini ya mkataba huo anakuja na ujuzi unaotumika kesho yake asubuhi. Kisha ametaja mapengo mawili kabla hajaulizwa. NeST ni mfumo wa mtandaoni ambao zabuni za umma sasa zinapitia, na aliyeondoka kabla yake hawezi kuujua kwa kuusikia tu. AQRB ni bodi inayosajili wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. Bila usajili wake hupaswi kufanya kazi hiyo kwa jina hilo, hata ukiwa na uanachama wa chama cha wakadiriaji cha Uingereza. Pengo lililotajwa na mwenyewe, pamoja na hatua aliyokwisha kuichukua, halimtishi mwajiri kama lile analoligundua mwenyewe siku ya usaili.

Kuhusu kukaa, sentensi mbili zinatosha: kwamba familia inarudi pamoja, na kwamba tarehe inajulikana. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inaruhusu notisi ya kati ya siku 30 na 90, kwa hiyo anayejua notisi yake anaweza kutaja mwezi kamili wa kuanza kazi. Na kabla hajakabidhi funguo za ofisi, aombe barua ya utumishi inayoeleza majukumu yake, si cheo na tarehe tu. Sheria ya kule inamtaka mwajiri aitoe bila malipo mfanyakazi akiiomba. Kuifuatilia kwa simu ukiwa Dar, baada ya bosi wako kuhama, ni kazi nyingine.

Sasa mshahara, mahali ambapo barua nyingi huharibika. Mkadiriaji wetu analipwa dirham 18,000 kwa mwezi, nyumba na usafiri vikiwa humohumo, na Falme za Kiarabu hazikati kodi ya mapato kwenye mshahara. Akilini anafanya hesabu ya haraka. Dola moja ni dirham 3.67, kwa hiyo anapata dola 4,900. Tukichukulia kwa mfano dola moja ni shilingi 2,500, hizo ni milioni 12 na robo. Anaandika kwamba anataka milioni 12.

Hebu tuipeleke hesabu hiyo kwa mwajiri. Tanzania Bara mfanyakazi wa sekta binafsi kwa kawaida anakatwa asilimia 10 ya NSSF, kisha kinachobaki kinatozwa kodi ya mshahara, ile PAYE, ambayo kwa kila shilingi inayozidi milioni moja kwa mwezi ni asilimia 30. Ili milioni 12 na robo ziingie mkononi, mshahara kabla ya makato lazima ufikie takriban milioni 19.2. Mwajiri naye anaongeza asilimia 10 yake ya NSSF, tozo ya ufundi stadi ya asilimia 3.5 na mchango wa nusu asilimia wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Mtu huyo mmoja anamgharimu karibu milioni 22 kwa mwezi. Wakala anaijua hesabu hii kwa moyo, ndiyo maana barua ile haijibiwi.

Kosa halipo kwenye tamaa. Lipo kwenye kulinganisha fedha inayoingia badala ya fedha inayobaki. Katika zile dirham 18,000, tuseme kodi ya nyumba inachukua 6,500, shule ya watoto wawili 4,000, chakula 3,000 na usafiri 1,500. Zinabaki dirham 3,000, ambazo kwa kiwango chetu cha mfano ni kama shilingi milioni mbili. Hizo milioni mbili ndizo zilizomweka Dubai miaka yote hiyo. Ndizo zilizojenga nyumba ya Goba. Swali la haki kwake ni hili: Dar anahitaji mshahara gani ili familia iishi vizuri na milioni mbili zile zibaki?

Nyumba anayo. Tukadirie ada za shule, chakula, gari na wazazi kuwa milioni 2.8 kwa mwezi. Ukijumlisha na akiba, anahitaji milioni 4.8 mkononi. Mshahara wa milioni 7.5 kabla ya makato unamwachia takriban milioni 4.9. Hapo sasa ana namba anayoweza kuitetea mbele ya mtu yeyote, na anaiandika hivi:

“Kwa sasa jumla ya malipo yangu ni dirham 18,000 kwa mwezi, nyumba na usafiri vikiwamo. Sitegemei kiasi hicho Dar es Salaam, kwa sababu gharama zangu zitabadilika. Ninaomba shilingi milioni 7.5 kwa mwezi kabla ya makato, pamoja na bima ya afya ya familia.”

Maneno “kabla ya makato” yasikosekane. Bila hayo, wewe utakuwa unawaza kinachoingia benki na mwajiri anawaza kinachoandikwa kwenye mkataba, na mtagundua tofauti siku ya mshahara wa kwanza. Mimi pia nashauri namba moja kuliko ile ya “kati ya milioni 6 na 9”, kwa kuwa aliyepewa ncha mbili ataishika ya chini.

Kuna deni moja linaloweza kuipindua hesabu yote. Aliyesomeshwa kwa mkopo wa HESLB na hajaumaliza, akiajiriwa nyumbani atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Kama zile milioni 7.5 zote ni mshahara wa msingi, hiyo ni milioni 1.125 kila mwezi, na ile milioni 4.9 inashuka hadi chini kidogo ya 3.8. Miaka minane ya Dubai haikulifuta deni hilo. Bora aulize salio lake mapema; huenda malipo ya kumaliza utumishi anayopewa anapoondoka, ambayo kwa sheria ya kule ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, yakatosha kulimaliza kabla hajaanza kazi.

Wakala akijibu kwamba mteja wake anaishia milioni 5, hilo si tusi na mlango haujafungwa. Milioni 5 zinaacha takriban milioni 3.3 mkononi, pungufu ya milioni moja na nusu. Mkadiriaji anayezijua gharama zake anaona haraka ni zipi ambazo mwajiri anaweza kuzibeba kwa njia nyingine: gari la kazi na mafuta yake, ada za usajili wa bodi, sehemu ya ada za shule. Vilivyobaki aombe vitazamwe upya baada ya miezi sita, mara usajili wa AQRB utakapokamilika na zabuni ya kwanza ya NeST itakapokuwa imepita mikononi mwake, na ahadi hiyo iandikwe kwenye mkataba ikiwa na tarehe na kiasi. Mwajiri akikataa kuiandika, milioni 5 ndio mshahara wenyewe, na uamuzi ufanywe kwa namba hiyo.