Nani Alibofya, Akaandika Nini

Tarehe 19 Machi 2016, John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya urais ya Hillary Clinton, alipokea barua pepe iliyovaa sura ya Google. Ilidai kuwa mtu aliyeko Ukraine amejaribu kuingia kwenye akaunti yake, hivyo abadilishe nywila upesi, na chini yake pakawekwa kitufe. Wasaidizi wake hawakukurupuka. Waliipeleka kwa fundi wa kompyuta wa kampeni, naye akajibu kwamba barua ni halali na nywila ibadilishwe. Baadaye alieleza kuwa alikusudia kuandika kinyume chake. Kwa Kiingereza tofauti ya maneno hayo ni herufi mbili tu mwanzoni. Jibu hilohilo lilikuwa na anwani ya kweli ya Google, lakini kilichobofywa ni kitufe cha tapeli. Kufikia tarehe 21, kwa mujibu wa hati ya mashtaka iliyofunguliwa Marekani mwaka 2018 dhidi ya maofisa wa ujasusi wa jeshi la Urusi, barua zaidi ya 50,000 zilikuwa zimeshaibwa.

Watu hukisimulia kisa hiki kama kosa la kuchapa. Mimi huona zaidi tatizo la taarifa iliyobebeshwa neno moja: halali au si halali. Taarifa ya barua ya kitapeli ina kazi kubwa kuliko hiyo, na inaanza kwa kutenganisha vitenzi vinne ambavyo maofisini huchanganywa kila siku: kupokea, kufungua, kubofya na kuandika.

Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye wafanyakazi sitini. Jumatatu asubuhi inaingia barua yenye kichwa “Hati ya mshahara, Juni”, inayoonekana kutoka kwa mhasibu mkuu. Saa sita mchana mtu mmoja anapiga simu tehama: “Samahani, nadhani nimefungua kitu kibaya.” Taarifa ya kivivu itasema “wafanyakazi kadhaa walifungua barua ya ulaghai, hatua zimechukuliwa”. Hapo huwezi kujua kama nyumba imeibiwa au mlango umegongwa tu.

Seva ya barua inaonyesha bila ubishi nani alipokea: watu 41. Kufungua ni jambo la kubahatisha, kwani alama ya “imesomwa” huwekwa hata mtu akipitia sanduku lake haraka, na mara nyingi kusoma pekee hakudhuru. Uzito uko kwenye kubofya, na zaidi kwenye kuandika. Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha mibofyo sita. Mbili zimetokea sekunde chache baada ya barua kufika, kutoka anwani isiyo ya ofisi. Huo ni mtambo wa ukaguzi unaojaribu viungo wenyewe kabla ya kumfikia mtu. Zinabaki nne za watu. Lakini aliyebofya kwa simu yake, akitumia bando lake, huenda asionekane popote kwenye mtandao wa ofisi. Huyo hupatikana kwa kuulizwa tu.

Namna ya kuuliza ina maana. Ukirusha swali kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, “Nani amebofya ile kitu?”, utapata kimya na vikatuni vya kucheka. Ukimwendea mtu mezani ukamwambia, “Dada, nioneshe ulichokiona baada ya kubonyeza,” atakueleza. Kwa njia hiyo anajitokeza wa tano, dereva, aliyebofya kwa simu akiwa foleni. Yeye aliona ukurasa unaodai nywila, akaufunga. Karani wa mikopo aliandika nywila, ila hakuwa na simu karibu, kwa hiyo hakuweka namba ya uthibitisho. Mhasibu msaidizi aliandika nywila na pia namba ya tarakimu sita. Wa nne anasema alianza kuandika akasita kabla ya kubonyeza “Ingia”. Huyu naye aandikwe kama aliyetoa nywila, kwa sababu ukurasa wa kitapeli unaweza kuchukua kila herufi inapopigwa, bila kungoja kitufe. Wa tano katika hesabu, mlinzi wa mapokezi, alibofya, ukurasa haukufunguka.

Taarifa nzuri humpa kila mmoja wao mstari wake: kifaa gani, saa ngapi, aliona nini, aliandika nini, na kama nywila hiyo anaitumia mahali pengine. Nywila yenyewe haiandikwi kamwe. Hutajwa kuwa ni ya akaunti gani. Na barua ya asili ihifadhiwe kama faili kamili, maana ukiituma mbele kwa kawaida, vichwa vyake vya ndani vinavyoonyesha njia iliyopitia hupotea.

Saa nazo zina mtego wake kwetu. Mhasibu msaidizi anasema alibofya “saa tatu na robo”. Mwandishi akiandika 3:15, msomaji ataelewa usiku wa manane. Saa ya kompyuta ilisema 09:15, na kumbukumbu za seva, zinazotumia UTC, zinasema 06:15. Ni dakika ileile. Andika mtindo mmoja, taja ni saa za wapi, la sivyo utamtafuta mwizi katika saa ambayo hakuwepo.

Sasa akaunti. Wengi hubadilisha nywila wakapumua. Kwa mhasibu msaidizi hilo halitoshi: ukurasa wa kati uliopitisha nywila na namba yake hadi kwenye mfumo wa kweli umempa tapeli kikao kilichokwisha funguliwa, na kikao kinaweza kuendelea kuishi hata nywila ikibadilika. Kwa hiyo vikao vyote hufungwa kwanza, nywila hubadilishwa kutoka kifaa kingine kilicho salama, kisha hukaguliwa simu zilizosajiliwa kupokea uthibitisho. Hapo inaonekana simu moja isiyo yake, iliyoongezwa 06:31 UTC. Huondolewa.

Halafu fundi anafungua kanuni za sanduku la barua. Anakuta moja yenye jina la nukta tu, inayochukua kila barua yenye neno “ankara” na kuihamishia kwenye folda ya `RSS Feeds`, ambayo hakuna anayeifungua. Hii ndiyo hatua inayonitisha kuliko zote, kwa sababu inaeleza mpango: tapeli amekaa katikati ya mazungumzo ya malipo, akingoja kumwandikia mteja kwamba akaunti ya benki imebadilika. Kanuni hupigwa picha ya skrini kabla ya kufutwa. Barua zilizotumwa tangu 06:15 husomwa moja moja, na wateja walioandikiwa hupigiwa simu kwa namba iliyokuwa kwenye daftari zamani, si ile iliyo kwenye barua.

Akaunti ya karani ilikataa majaribio mawili ya kuingia. Kumbukumbu zinaonyesha nywila ilikubaliwa na hatua ya pili ikakwama. Amebadilisha nywila, na pia ya barua yake binafsi, iliyokuwa ileile. Katika safu ya mwisho ya taarifa, neno “imelindwa” huandikwa pamoja na saa na jina la aliyefanya. Kwa wa nne, aliyesita, safu hiyo bado inasema “nywila imebadilishwa, vikao havijakaguliwa”. Iachwe hivyo hadi ikaguliwe.

Chama hiki kingekuwa Kenya, na kama sanduku la mhasibu lilikuwa na taarifa za wanachama ambazo wizi wake unaweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu kujulikana. Anayechelewa hueleza sababu. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu taarifa kutolewa kwa awamu, hivyo simu ya saa sita mchana Jumatatu inaweza kuwa ukurasa wa kwanza jioni ileile, mstari wa wa nne ukiwa bado wazi.