Makato ya akaunti: muuza chapati na seremala hawafai kutumia njia moja

Mtu akitoa shilingi 200 kwa wakala wa M-Pesa nchini Kenya, hukatwa shilingi 29. Akitoa 2,500 pia hukatwa 29. Makato ni yaleyale, lakini wa kwanza amepoteza zaidi ya shilingi 14 katika kila mia, na wa pili amepoteza shilingi moja na senti chache. Ndiyo maana hakuna jibu moja kwa anayeuliza akaunti ipi ni nafuu. Jibu linategemea ni mara ngapi pesa zake zinatembea, na kila mara zinatembea kiasi gani.

Karibu makato yote unayokutana nayo, ya benki au ya simu, huja kwa sura nne. Yapo ya bei moja kwa kila muamala, hata uwe mdogo kiasi gani. Yapo ya ngazi, yanayopanda kila kiasi kinapovuka mpaka fulani. Yapo ya asilimia, ambayo mara nyingi huwekewa kikomo juu. Na ipo ada ya kila mwezi, unayolipa hata kama hukugusa akaunti. Bei moja na ngazi humwumiza mwenye miamala mingi midogo. Asilimia humwumiza mwenye miamala mikubwa, hadi afike kwenye kikomo. Ada ya mwezi humwumiza asiyeitumia akaunti yake vya kutosha.

Tuchukue wafanyabiashara wawili wa Nairobi wanaoingiza kiasi kilekile. Wa kwanza anauza chapati na maharagwe Gikomba. Kila siku anahudumia wateja 60, kila mmoja analipa shilingi 100, na anafanya kazi siku sita kwa juma. Kwa majuma manne anaingiza shilingi 144,000 kupitia malipo 1,440. Wa pili ni seremala wa kando ya Barabara ya Ngong. Katika majuma hayohayo anauza seti mbili za viti, kila moja shilingi 72,000. Naye ameingiza 144,000, ila kwa malipo mawili tu.

Tuanze na pesa zinazoingia, kwa viwango vya M-Pesa vilivyoanza kutumika Julai 2023. Mteja akimtumia mtu moja kwa moja kwenye simu, shilingi 100 kwenda chini hazina makato. Kuanzia 101 hadi 500, mtumaji hulipa 7. Makato hupanda kwa ngazi hadi shilingi 108, na hapo husimama: anayetuma 25,000 na anayetuma 250,000 hulipa sawa. Kwa tili, yaani nambari ya Lipa na M-Pesa ya kununua bidhaa, hesabu ni nyingine. Mteja halipi chochote. Mwenye duka ndiye anayekatwa asilimia 0.55, lakini malipo ya hadi shilingi 200 hayakatwi, na hakuna malipo yanayokatwa zaidi ya shilingi 200.

Kwa muuza chapati, tili ni nafuu isiyo na ubishi. Malipo yake yote 1,440 yako chini ya 200, kwa hiyo hakatwi hata senti. Kutumiwa moja kwa moja pia hakuna makato kwa shilingi 100, lakini mteja akiongeza chai na mandazi hadi 150, atalipa 7 za kutuma. Hizo ni karibu shilingi 5 katika kila mia, na wateja wanaojua hesabu hiyo hurudi kwenye sarafu.

Seremala hali yake ni kinyume. Asilimia 0.55 ya 72,000 ni 396, lakini kikomo kinamshusha hadi 200. Kwa seti mbili anakatwa 400. Wateja haohao wangetuma moja kwa moja, makato yangekuwa 108 kila mmoja, jumla 216, na wangeyabeba wao. Tukitafuta mahali njia hizi mbili zinapokutana, tunapata karibu shilingi 19,000: chini ya hapo tili inakula kidogo kuliko kutuma, na juu ya hapo kutuma ndiko nafuu. Anayeuza meza za 8,000 na seti za 72,000 ana sababu ya kutumia njia zote mbili. Akumbuke pia kwamba makato yanabadili mlipaji. Kutuma kunamgharimu mteja, na tili inamgharimu yeye, kwa hiyo gharama hiyo iwekwe ndani ya bei tangu mwanzo wa mapatano.

Pesa zinazotoka ndizo humla muuza chapati. Tuseme kila siku anamtumia muuza unga na mafuta shilingi 4,000. Kila mara hukatwa 57. Kwa siku sita ni 342, na kwa majuma manne ni 1,368. Akinunua mara mbili kwa juma, 12,000 kila mara, atakatwa 100 kwa kila safari, na kwa majuma manne italeta 800. Akinunua mara moja kwa juma kwa 24,000, ni 108 kwa juma na 432 kwa majuma manne. Unga ni uleule na muuzaji ni yuleyule, lakini shilingi 936 zimebaki mfukoni.

Hapo hesabu inagusa maisha. Kununua mara moja kwa juma kunahitaji mtaji wa 24,000 kwa mpigo, mahali pakavu pa kuweka unga, na usalama dhidi ya panya na wezi. Unga na mafuta vinavumilia juma zima, nyanya hazivumilii. Akilazimika kukopa ili anunue kwa jumla, riba inaweza kumeza akiba yote ya makato. Wengi watafaidika zaidi na mpango wa katikati: vinavyodumu mara moja, vinavyoharibika kila siku. Na kabla ya yote amwulize muuza unga kama ana tili, kwa sababu akilipa huko hakatwi kitu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kukusanya kiasi kikubwa ni nafuu daima. Ngazi zina mipaka, na bei huruka pale pale kwenye mpaka. Kutuma 5,000 ni 57, kutuma 5,100 ni 78. Kutoa 2,500 kwa wakala ni 29, kutoa 2,600 ni 52. Kwa sababu hiyo, anayetaka 5,000 taslimu hukatwa 69 akizitoa mara moja, na 58 akizitoa kwa mikupuo miwili ya 2,500. Ukipanda juu zaidi, faida ya kugawanya inaisha: 10,000 kwa mara moja ni 115, na kwa mikupuo minne ni 116. Kitu cha kutazama ni umbali wa kiasi chako kutoka mpaka wa ngazi. Ukiwa umeuvuka kwa shilingi mia moja tu, rudi chini yake.

Sasa tuje benki. Huko mara nyingi utapewa aina mbili za akaunti: ile isiyo na ada ya mwezi ambayo hukata kwa kila muamala, na ile yenye ada ya mwezi ambayo miamala mingi imo ndani ya ada hiyo. Bei hutofautiana kati ya benki na benki, kwa hiyo tutumie mfano. Akaunti ya kwanza inakata shilingi 40 kila muamala. Ya pili inatoza 300 kwa mwezi na haikati zaidi. Gawanya 300 kwa 40, utapata saba na nusu. Mwenye miamala saba kwa mwezi abaki na ya kwanza, na mwenye minane aende ya pili. Muuza chapati anayelipa unga mara 24 angetozwa 960 kwenye akaunti ya kwanza, na 300 kwenye ya pili. Seremala mwenye miamala sita angetozwa 240 kwenye ya kwanza, na ada ya mwezi ingekuwa hasara kwake.

Ikiwa akaunti ya pili nayo inakata kidogo, tuseme 10 kwa kila muamala, usigawanye kwa 40. Gawanya 300 kwa tofauti ya makato, yaani 30, upate kumi. Hapo mtu mwenye miamala minane, aliyekuwa ndani ya faida, ametoka.

Mambo matatu huharibu hesabu hii. La kwanza ni ushuru. Tangu Julai 2023 ushuru wa bidhaa kwenye makato ya kutuma pesa, kwa benki au kwa simu, ni asilimia 15. Bango moja likionyesha bei yenye ushuru na jingine bei bila ushuru, unalinganisha vitu viwili tofauti. Katika mfano wetu, ikiwa 300 ina ushuru ndani na 40 haina, ile 40 kwa kweli ni 46, na mpaka unashuka kutoka saba na nusu hadi sita na nusu. La pili ni maana ya neno "bure". Katika akaunti nyingi za ada ya mwezi, kinachoingia kwenye ada ni baadhi ya miamala tu. Kutuma kwenda benki nyingine, kuhamisha kwenda simu, hundi na ujumbe wa kukuarifu vinaweza kuwa nje. Uliza kimoja kimoja, kwa orodha ya vitu unavyofanya wewe.

La tatu ni ada ya kila ingizo. Zipo akaunti za biashara zinazotoza kila mstari unaoandikwa kwenye taarifa ya akaunti, hata pesa inapoingia. Seremala hataigundua. Muuza chapati, malipo yake 1,440 yakiingizwa moja moja kwa shilingi 5 tu kila moja, angepoteza 7,200, yaani mauzo ya zaidi ya siku nzima. Dawa yake ni kuacha malipo yakusanyike kwenye tili, kisha kuyahamisha benki kwa mkupuo mara moja au mbili kwa juma, baada ya kuuliza ada ya kuhamisha huko.

Ili ujue uko upande gani, omba taarifa ya M-Pesa ya mwezi uliopita kwa kupiga *334# au kupitia programu ya simu, na ile ya benki. Weka alama kwenye kila mstari wa makato, kisha uhesabu vitu viwili: idadi ya makato, na jumla yake. Gawanya jumla ya makato kwa jumla ya pesa zilizotembea. Ukipata zaidi ya shilingi moja kwa kila mia, angalia ni mistari ipi iliyojirudia: kutoa kidogo kidogo kwa wakala, kumtumia mtu yuleyule kila siku, au ada ya mwezi juu ya miamala michache. Bei zikibadilishwa, chukua orodha mpya na urudie hesabu kwa taarifa ileile. Utajua siku hiyohiyo kama badiliko limekuumiza au limekusaidia.