Mteja kaandika 6203, roboti la duka limeleta 6204: nilivyolirekebisha

Leo naandika kuhusu kitu kilichonila hela. Najua humu wapo wengi wanaotumia roboti la kujibu wateja WhatsApp, lile unalolipa faili lako la bidhaa na bei halafu linatafuta majibu humo. Kama unauza vitu vinavyokwenda kwa namba, yaani spea, wino wa printa, fyuzi, betri za simu, kaa hapa dakika tano.

Mimi nauza beringi na mikanda ya mashine hapa Mwanjelwa, Mbeya. Wateja wangu wengi wa mtandaoni wako upande wa Iringa, na wengine hapo njiani Makambako na Mafinga. Ni mafundi mota, wenye mashine za kusaga, wenye pampu za kumwagilia. Mzigo unapanda basi, asubuhi wanaufuata stendi.

Fundi mmoja wa Iringa alituma ujumbe saa nne usiku: "Mna 6203-2RS ya mota?" Roboti likamjibu ipo, likampa bei, akalipa. Oda ikaingia, kijana wangu akaisoma na kufunga mzigo kama ilivyoandikwa. Tatizo ni kwamba oda ilisema 6204-2RS. Kwa asiyeuza beringi hiyo ni tarakimu moja tu. Kwa fundi ni kitu kingine kabisa: 6203 ina shimo la milimita 17, 6204 ina shimo la milimita 20. Shafti ya mota yake ilikuwa ya 17. Mota ilikuwa ya pampu ya mkulima wa nyanya Ilula, na nyanya hazisubiri basi la kesho. Akanipigia: "Dada, mimi nilikuandikia namba kabisa." Sikuwa na jibu. Nikatuma nyingine kwa nauli yangu, na ile ya kwanza ikarudi kwa nauli yangu pia.

Nikadhani nimekosea kuandika katalogi. Nikaifungua, 6203-2RS ipo, bei ipo, kila kitu sawa. Kumbe kosa lilikuwa kwenye namna roboti linavyotafuta.

Roboti nyingi za namna hii hutafuta kwa maana. Katalogi hukatwa vipande vidogo, kila kipande hugeuzwa kuwa safu ya namba inayoitwa vekta, na swali la mteja nalo hugeuzwa hivyohivyo. Kipande ambacho vekta yake iko karibu na ya swali ndicho huletwa. Modeli ninayotumia mimi, multilingual-e5-small, hutoa namba 384 kwa kila kipande. Kwa maneno ya kawaida kazi hiyo inafanyika vizuri sana. Mteja akiandika "mota yangu inalia kama nzi kwenye chupa", neno hilo halimo popote kwenye katalogi, lakini roboti linaleta ukurasa wa beringi.

Sasa angalia katalogi yangu. Kipande kimoja kinasema "Beringi 6203-2RS, imezibwa mpira pande zote mbili, ya mota na pampu ndogo." Cha pili kinasema vilevile, ila namba ni 6204. Ukiuliza vinahusu nini, vyote vinahusu kitu kimoja. Modeli haijui kwamba 03 mwishoni ni milimita 17 na 04 ni 20, na namba yenyewe mara nyingi inaikatakata vipandevipande kabla ya kuisoma. Kwake hizo mbili ni mapacha, na mapacha ukiwaita usiku yeyote anaweza kuitika. Kwenye majaribio yangu, swali la yule fundi lilileta 6204-2RS nafasi ya kwanza na 6203-2RS nafasi ya saba.

Dawa inayojulikana ni kutafuta mara mbili. Pamoja na utafutaji wa maana, unaweka utafutaji wa kizamani wa maneno yenyewe, unaopima neno lipo au halipo na ni adimu kiasi gani. Kanuni yake inaitwa BM25, na huhitaji kuinunua: imo ndani ya SQLite kwenye sehemu inayoitwa FTS5, na SQLite ni bure. Usije ukafuta ule wa maana ukabaki na huu peke yake. Huu haujui Kiswahili kinavyogeuka. Kwake "inauzwa" na "zinauzwa" ni maneno mawili yasiyojuana.

Matokeo ya tafutaji mbili unayaunganisha kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2009 na Cormack, Clarke na Buettcher. Ni rahisi: kila bidhaa inapata 1 gawanya kwa (60 + nafasi yake) kwenye kila orodha, halafu unajumlisha. Hapa ndipo niliposhangaa, kwa sababu niliunganisha na bado 6204 ikashinda.

Fuata hesabu nami. FTS5 ilikuwa inaikata "6203-2RS" kwenye kistari na kupata maneno mawili, 6203 na 2rs. Kipande cha 6204-2RS hakina 6203, lakini kina 2rs na kina "mota", kwa hiyo nacho kikaingia orodha ya maneno, nafasi ya nne. Kule kwenye maana kilikuwa cha kwanza. Jumla yake ni 1/61 + 1/64, yaani 0.03202. Ile sahihi ilikuwa ya kwanza kwenye maneno na ya saba kwenye maana: 1/61 + 1/67, yaani 0.03132. Imeshindwa kwa nukta. Hesabu hii inapenda anayekubalika kiasi kote kuliko anayepatia sana sehemu moja.

Kwa hiyo kuunganisha peke yake hakukunisaidia. Kilichosaidia ni kuifanya namba ya bidhaa kuwa neno moja lisilokatika, na kuitafuta peke yake. Kwenye databezi nimeongeza safu inayoitwa namba, ambamo kila namba imeondolewa nafasi, vistari na herufi kubwa: 62032rs. Swali la mteja nalo linapita kwenye ungo huohuo, maana wateja wanaandika wanavyotaka: "6203 2rs", "6203/2RS", "62032RS".

```python
import re
NAMBA = re.compile(r"\b6[023]\d\d[ \-/]*(?:2 ?rs|zz)?\b", re.I)

def safisha(n):
    return re.sub(r"[ \-/]", "", n).lower()
```

Ungo huu ni wa beringi zangu, wewe tengeneza wa bidhaa zako. Namba ikionekana kwenye swali, utafutaji wa maneno unaachana na "mota" na "mna", unatafuta hiyo tu:

```sql
SELECT maelezo FROM spea
WHERE spea MATCH 'namba : "62032rs"'
ORDER BY bm25(spea);
```

Zile alama za nukuu mbili usizisahau. Ukiweka 6203-2RS bila nukuu, FTS5 inakichukulia kistari kama amri na kukurudishia kosa. Rudia hesabu sasa: 6204-2RS haimo tena kwenye orodha ya maneno, inabaki na 0.01639. 6203-2RS inabaki na 0.03132. Imekwisha hiyo.

Mteja akiandika 6203 tupu, natafuta kwa `"6203"*`, zinakuja zote, ya mpira (2RS) na ya bati (ZZ), na roboti linamuuliza anataka ipi. Na ukicheka cheka tu: 6200 na 6300 ni beringi za kweli, lakini pia ni bei za kweli. Mtu akiandika "nikupe 6300", ungo unadhani anataka beringi. Namba hizo mbili nimeziacha ziende kwa binadamu.

Hatua ya mwisho ni kupanga upya. Kuna modeli nyingine, mimi natumia bge-reranker-v2-m3, ambayo inasoma swali na kipande kwa pamoja, badala ya kulinganisha vekta zilizotengenezwa kila moja kivyake. Hiyo ndiyo inayojua kwamba "isiyoingiza maji" inadai ya mpira na siyo ya bati. Ubaya wake ni uzito. Kwenye laptopu ya kawaida ukiipa katalogi nzima mteja atalala, kwa hiyo ipe vipande 20 vya juu tu kutoka kwenye ule muunganiko. Usiipe mamlaka juu ya namba, kwa sababu nayo inaweza kubabaika na tarakimu. Kwangu, namba ikitajwa, kipande kisicho na namba hiyo kinaondolewa kabla ya kupanga. Kikikosekana chochote, roboti halileti mbadala. Linasema halijaiona na kunitumia mimi ujumbe.

Kujua kosa liko wapi, nilichukua jumbe za zamani za wateja 40, nusu zenye namba na nusu zisizo nayo, nikaandika pembeni jibu sahihi la kila moja. Kila ukibadilisha kitu unazipitisha zote. Jibu sahihi likiwa halimo kabisa kwenye vile 20, ungo au utafutaji ndio mbovu, na kupanga upya hakuwezi kuokoa kisicholetwa. Likiwa limo lakini liko chini, hapo ndipo uangalie kupanga upya. Kabla sijafanya hivi nilipoteza wiki nikibadilisha modeli, kumbe shida ilikuwa kistari.

Bado kuna shimo moja sijaliziba lote. Fundi anasoma namba kwenye beringi iliyokufa, na kila kiwanda kina mwandiko wake. Kile ambacho wengine wanaandika 2RS, NSK wanaandika DDU, NTN wanaandika LLU, SKF utaona 2RSH. Mteja akituma "6203DDU" ungo wangu wa mwanzo haukushika kitu, wakati ninayo rafuni ya jina jingine. Nimetengeneza orodha ya majina yanayolingana, na ungo unaigeuza kabla ya kutafuta. Ila C3 siigusi. Hiyo ni nafasi ya ndani iliyo kubwa kuliko kawaida, mafundi mota wanaitaka kwa sababu beringi ikipata moto hutanuka, na 6203-2RS yenye C3 siyo sawa na isiyo nayo. Nikiona C3 kwenye ujumbe, roboti linanyamaza na simu yangu inalia. Juzi imelia saa tisa usiku, mtu wa Mafinga.