Kagua rasimu ya hesabu ya kodi kabla hujaitia saini

MTANGAZAJI: Leo tuchukue mfano wa mfanyabiashara anayenunua samaki wakavu kisiwani Rongui na kuwauza Palma. Amepewa rasimu ya hesabu ya kodi: mauzo ya mwaka metikali 900,000, gharama 776,000, faida 124,000. Atie saini?

Kwanza atazame kodi imekatwa kwenye nini. Msumbiji ina kodi ya wafanyabiashara wadogo iitwayo ISPC, iliyoanzishwa na sheria namba 5 ya 2009. Sheria hiyo iliweka asilimia 3 ya mauzo, si ya faida. Kwa mauzo ya 900,000 hiyo ni 27,000, hata gharama zingekuwaje. Rasimu ikipiga asilimia 3 kwenye faida, imekosea tangu mwanzo. Kiwango cha mwaka wako kiulize ofisi ya kodi.

Lakini kama anatozwa kwa faida, kila mstari wa gharama una uzito. Hapa tusiharakishe.

Samaki walionunuliwa, 600,000, wana daftari la wavuvi lenye tarehe na kilo. Hilo lina mashiko. Mafuta ya boti yameandikwa 96,000, ila katika kila safari nne, moja ilikuwa ya kupeleka familia. Robo hiyo, 24,000, ni ya nyumbani. Ya biashara ni 72,000.

Kisha kuna mstari uitwao “mengineyo”, 80,000. Mstari wa jina hilo ufungueni kila mara, ndimo mambo hujificha. Ndani yake mna kodi ya kibanda 30,000, ambayo ni halali. Mna ada ya shule na mchango wa msiba, 30,000. Ni mambo ya lazima, lakini si ya biashara. Na 20,000 zilizobaki hakuna ajuaye zilikwenda wapi. Zitoke.

Sasa kilichosahauliwa: chumvi na magunia, 28,000. Mwandishi wa rasimu hakuuliza, naye mwenye biashara hakukumbuka kwa sababu hununua kidogo kidogo kila wiki. Risiti zake zipo kwenye kopo.

Gharama sahihi ni 600,000, na 72,000, na 30,000, na 28,000, jumla 730,000. Faida ni 170,000. Imepanda, ndiyo, lakini akiulizwa anaweza kuitetea.

Na wewe uliyekimbia Palma Machi 2021 ukaacha daftari? Usibuni tarakimu. Omba taarifa ya miamala ya simu yako, M-Pesa au e-Mola. Mwombe aliyekuuzia nakala ya daftari lake. Kilo ulizonunua zikiwa hazifikii kilo unazosema uliuza, hata ukihesabu bidhaa iliyobaki mwaka uliotangulia, basi tarakimu mojawapo si ya kweli. Itafute hiyo kwanza.